Ubashiri Usiobashiri Kitu: Andalio la Betri, Balbu na Waya

Kama unasomea ualimu wa sayansi hapa Dodoma, huenda andalio ninalolizungumzia umeshaliona, au umeona ndugu yake. Ni la fizikia, Kidato cha Pili, mada ya umeme wa mkondo, sakiti sahili, vipindi viwili vya kufuatana, dakika 80. Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha ukikaribia, linatumwa kwenye simu, mtu anabadilisha tarehe na jina la shule, maisha yanaendelea. Safu zote zipo. Hatua zote tano zipo, kuanzia utangulizi mpaka hitimisho. Na pale kwenye utangulizi kuna sentensi ambayo msimamizi akiisoma anatikisa kichwa kwa kuridhika: wanafunzi watabashiri kitakachotokea kabla ya jaribio.

Hilo la kubashiri ndilo linalonifanya niliandikie andalio hili, maana wazo ni zuri na ushahidi wake upo. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Harvard walichapisha matokeo ya kulinganisha wanafunzi walioonyeshwa majaribio ya fizikia darasani kwa njia tofauti. Waliotazama tu hawakuelewa zaidi, kwa kiasi cha kuhesabika, kuliko ambao hawakuliona jaribio kabisa. Waliotakiwa kubashiri kwanza ndio walioelewa vizuri zaidi. Kwa hiyo sina ugomvi na ubashiri. Ugomvi wangu ni na swali lililowekwa.

Swali lenyewe ni hili: "Swichi ikifungwa, balbu itawaka au haitawaka?"

Darasa linajibu kwa sauti moja: itawaka! Mwalimu anabonyeza, inawaka, wanapiga makofi, na somo linahamia kwenye fasili ya sakiti na alama za kuchora. Dakika tano zimeisha. Sasa jiulize, mwanafunzi gani angejibu vingine? Anayeamini umeme unatoka kwenye betri kwa waya mmoja na kuishia kwenye balbu atasema itawaka. Anayeamini umeme unatoka pande zote mbili za betri na kugongana ndani ya balbu atasema itawaka. Anayeamini balbu inakula umeme na mabaki ndiyo yanayorudi, naye atasema itawaka. Anayejua kwamba mkondo ni uleule sakiti nzima atasema hivyohivyo. Watu wanne wenye picha nne tofauti kichwani wamepewa swali ambalo jibu lake ni moja kwa wote, halafu wote wamepigiwa makofi. Wale watatu wa kwanza wametoka wakiwa na uhakika zaidi kuliko walivyoingia.

(Na nikiwa hapohapo, hilo neno "ikifungwa" ni mtego. Nyumbani ukimwambia mtoto afunge redio, anaizima. Akifunga bomba, maji yanakoma. Kwenye fizikia swichi ikifungwa ndipo mkondo unapita. Ukipata wawili watatu wanaojibu "haitawaka", usikimbilie kusema hawajui umeme, huenda wanajua Kiswahili vizuri tu. Sema "nikiwasha swichi" mpaka utakapofundisha maana ya sakiti iliyofungwa.)

Hizo picha nne sikuzitunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Roger Osborne na wenzake kule New Zealand waliwapa watoto betri na balbu, wakawauliza mkondo unakwenda vipi, na majibu yakaangukia kwenye makundi hayohayo. Mwaka 1984 David Shipstone alichapisha utafiti wa wanafunzi wa Uingereza na kuonyesha kwamba wazo la umeme kuliwa njiani halifi kwa sababu tu mtu amefundishwa. Liliendelea kuwemo hata kwa waliokwisha kusoma fizikia miaka kadhaa. Na kama unadhani ni mambo ya watoto, kuna filamu ya Marekani ya mwaka 1997 ambamo wahitimu wa Harvard na wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, wakiwa bado na majoho, wanapewa betri moja, balbu moja na waya mmoja wawashe. Baadhi yao wanashindwa.

Kwa hiyo kipimo cha swali la ubashiri ni hiki: watu wenye mawazo tofauti wanalazimika kutoa majibu tofauti? Kama hawalazimiki, swali ni la kuchangamsha darasa tu. Tulipime andalio letu kwa kipimo hicho, kisha tulijenge upya.

Anza na betri moja, balbu moja ya tochi na waya mmoja. Usilete holda, usilete swichi, usilete ubao wa sakiti uliokwisha kufungwa nyaya, kwa sababu vitu hivyo vinafanya kazi ya kufikiri badala ya mwanafunzi. Holda inaficha kwamba balbu ina sehemu mbili za kugusa. Chora ubaoni picha nne. Ya kwanza, waya unatoka kwenye kichwa cha betri (upande wa chanya) kwenda kwenye kitako cha balbu, basi. Ya pili, balbu imekaa juu ya kichwa cha betri, na waya unatoka kwenye kitako cha betri na kurudi kugusa kitako kilekile cha balbu. Ya tatu, kama ya pili, ila waya unagusa ganda la chuma la ubavuni mwa balbu. Ya nne, balbu imelala, ganda lake likiwa juu ya kichwa cha betri, na waya kutoka chini ya betri unagusa kitako cha balbu. Uliza: zipi zitawaka? Kila mmoja aandike kwenye daftari, kwa kalamu ya wino, na sababu ya sentensi moja. Hakuna kujibu kwa pamoja.

Kuandika si urasimu. Richard White na Richard Gunstone wa Australia, ambao kitabu chao cha mwaka 1992 ndicho kilichoieneza njia hii ya bashiri, tazama, eleza, walisisitiza jambo hilo: mtu ajifunge na jibu na sababu yake kabla ya kuona. Asipoandika, balbu ikishawaka kila mtu "alikuwa anajua".

Zinazowaka ni ya tatu na ya nne. Lakini jibu ni jambo la pili hapa, cha kwanza ni nani alichagua nini na kwa nini. Anayechagua ya kwanza ni mtu wa waya mmoja. Kabla hujamsahihisha, mfikirie. Huku kwetu, kuanzia Bahi mpaka Kongwa, mtoto amekua akiona baiskeli yenye dainamo: waya mmoja tu unatoka kwenye dainamo kwenda kwenye taa ya mbele, na taa inawaka. Bodaboda hivyohivyo, fundi anavuta waya mmoja mpaka kwenye taa na kukuambia nyingine ni bodi. Mtoto huyo ameangalia vizuri na kuhitimisha vizuri kutokana na alichokiona. Ambacho hakukiona ni kwamba fremu ya baiskeli ni chuma, na chuma hicho ndicho njia ya kurudi. Andalio likiwa na mstari mmoja unaosema "wanaotaja dainamo: waoneshe fremu", umemheshimu mtoto huyo na umempata. Lisipokuwa nao, atakuona mwongo, maana baiskeli ya babu yake inawaka.

Anayechagua ya pili yuko tofauti kabisa, na maandalio mengi yanamchanganya na wa kwanza. Huyu tayari anajua lazima kuwe na duara. Ambacho hajui ni mwili wa balbu: kwamba ncha moja ya uzi imeunganishwa na kitako na ncha ya pili imeunganishwa na ganda la ubavuni, na katikati yake kuna kitu kisichopitisha umeme. Kwenye picha ya pili duara lipo, ila linapita kitakoni na kurudi bila kupanda kwenye uzi. Kumpa huyu mhadhara kuhusu sakiti ni kumfundisha anachokijua. Mpe balbu iliyoungua, avunje kioo kwa uangalifu ndani ya kitambaa, afuate uzi kwa macho mpaka aone unaishia wapi. Dakika tatu zinatosha.

Tahadhari moja ya vitendo kuhusu hiyo picha ya pili. Ni shoti. Betri kavu ya kawaida ya volti 1.5 ikifungwa hivyo inasukuma ampia kadhaa, waya unapata moto vidoleni na betri inachoka ndani ya muda mfupi. Mguso wa sekunde mbili haudhuru, ila vikundi kumi vikishikilia dakika nzima, betri zako za sehemu ya pili ya somo zimekwenda. Waambie: gusa, tazama, achia. Usithubutu kufanya hivi na betri ya pikipiki, ile inaweza kuuchoma waya mpaka plastiki iyeyuke.

Sasa sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa somo, na ambayo andalio letu linaigusa kwa mstari mmoja tu: balbu mbili kwa mfuatano.

Andalio linasema: "Mwalimu aunganishe balbu mbili kwa mfuatano, wanafunzi waone kwamba mwanga umepungua." Ni kweli umepungua. Lakini anayeamini balbu zinakula umeme anakubaliana nawe mia kwa mia. Walaji wameongezeka, kila mmoja amepata kidogo, alitegemea nini kingine? Umemthibitishia.

Na hapa lugha yetu inamsaidia kukosea. Sikiliza tunavyozungumza. Pasi inakula umeme. Betri imekwisha. Umeme umeisha, nenda kanunue. Wenye LUKU tunanunua uniti na kuziona zikipungua kwenye mita, na tunaziita umeme. Neno umeme limebeba vitu vitatu ambavyo fizikia inavitenganisha: mkondo, nishati na volti. Uniti za LUKU ni nishati, kilowati-saa, na nishati kweli inatumika, inaondoka kama joto na mwanga. Mkondo ni kiasi cha chaji kinachopita mahali kwa sekunde, na chaji haipotei njiani. Kinachoingia kwenye balbu kwa sekunde moja ndicho kinachotoka. Kwa hiyo mtoto anayesema "umeme unaliwa" yuko sahihi kuhusu nishati na amekosea kuhusu mkondo, kwa neno lilelile, kwenye sentensi ileile. Ukimwambia "umekosea" umedanganya nusu. Ukimwambia "sahihi" umedanganya nusu nyingine.

Ndiyo maana swali lisiwe "mwanga utapungua?" bali "balbu ipi itang'aa zaidi, A au B, au sawasawa?" Mtu wa kuliwa kwa umeme analazimika kusema ya kwanza. Mtu wa mkondo uleule anasema sawasawa. Wamegawanyika, na sasa jaribio lina kazi ya kufanya. Nimekaa nyuma ya darasa wilaya ya Chamwino wakati swali hili linaulizwa, wanafunzi zaidi ya sitini, na ubishi uliozuka haukuhitaji mwalimu. Kijana mmoja akasimama: "Mwalimu, ya kwanza inakula nyingi, ya pili inapata makombo." Binti wa nyuma yake akamuuliza: "Ya kwanza ni ipi? Unahesabu kuanzia juu au chini ya betri?" Darasa likakaa kimya. Swali la yule binti hulikuti kwenye andalio lolote, na lilikuwa bora kuliko yote yaliyopangwa siku ile.

Kisha zikawashwa. A ikang'aa zaidi ya B. Waliotabiri makombo wakashangilia.

Tulia hapo, kwa sababu hapa ndipo walimu wengi wanapovunjika moyo na kurudi kwenye chaki. Nadharia inasema sawasawa, jaribio limesema vingine, na darasa zima limeona. Mwalimu anayesema "hizi balbu ni mbovu, ila kikawaida zingekuwa sawa" amewafundisha kwamba kitabu kinashinda macho. Kumbe sababu inatafutika. Balbu za tochi zinazouzwa pamoja dukani hazifanani siku zote. Shika ganda la chuma, geuza kwenye mwanga, utaona maandishi madogo yaliyogongwa: moja imeandikwa 2.5 V 0.3 A, nyingine 3.8 V 0.3 A. Kwa mfuatano, mkondo ni uleule kwenye zote mbili, lakini uzi wenye ukinzani mkubwa zaidi unachukua sehemu kubwa zaidi ya volti, na kwa hiyo nishati zaidi kwa sekunde. Hata balbu zenye maandishi yaleyale zinaweza kutofautiana kidogo.

Lakini usiwaambie hayo bado. Uliza ubashiri mwingine, na huu ndio ambao ningeuandika kwa herufi kubwa katikati ya andalio: "Nikizibadilishana nafasi, A ikae alipo B na B akae alipo A, mwanga mkali utabaki mahali pale pale, au utahama na balbu?" Angalia lilivyo kali. Kama kung'aa kunatokana na nafasi, yaani wa kwanza kula, mwanga mkali utabaki mahali. Kama kunatokana na balbu yenyewe, utahama. Hakuna jibu la tatu la kujificha, na huhitaji ampia wala fomula. Andikeni. Badilisha. Mwanga unahama na balbu A.

Kosa la vifaa limegeuka kuwa jaribio bora kuliko lile lililopangwa. Tena, balbu zikiwa zinafanana kabisa na kung'aa sawa, mtu wa makombo anaweza kujitetea kwamba tofauti ni ndogo mno kuonekana. Zikitofautiana na mwanga ukahama, utetezi huo haupo. Mimi ningebeba kwa makusudi jozi moja isiyofanana.

Kuna jambo linaloharibu sehemu hii na andalio halilitaji. Vifaa vimeandikwa "betri 1, balbu 2". Betri moja ya volti 1.5 kwa balbu mbili za volti 2.5 inampa kila balbu takribani volti 0.75. Uzi hauwaki, au unakuwa mwekundu kwa mbali sana. Mchana wa Dodoma, darasa lenye madirisha mapana na jua la saa sita nje, hutaona kitu, na darasa litahitimisha kwamba umeme umeisha kabla ya kufika. Weka betri mbili kwa mfuatano, kila balbu ipate karibu volti 1.5, na utazame ndani ya boksi la sabuni lililolazwa ubavu. Boksi hilo ni zana ya kufundishia kuliko chati uliyokesha ukiichora. Na ukienda sokoni hakikisha umepata balbu za uzi kweli. Tochi nyingi siku hizi zina diodi. Diodi nyeupe haiwaki kwa volti 1.5, inataka karibu volti 3, na ukigeuza betri inazima. Ni somo zuri, ila ni somo jingine.

Je, baada ya mwanga kuhama watu wa makombo wameisha? Hapana. Wengi wanahamia kwenye wazo la jirani: sawa, balbu zinagawana bila upendeleo, lakini kinachorudi kwenye betri ni kidogo kuliko kilichotoka. Shipstone aliwakuta hawa pia. Kwa mwanga huwezi kuwashinda, kwa sababu ubashiri wao kuhusu mwanga sasa ni sawa na wako. Unahitaji kupima mkondo, na hapo ndipo mita ya fundi, ile ndogo ya kidijitali inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, inapoingia.

Rudi kwenye balbu moja na betri mbili. Swali: mita ikikaa kabla ya balbu itasoma namba fulani. Ikikaa baada ya balbu, namba itakuwa kubwa, ndogo au ileile? Andikeni. Mita iwe kwenye ampia 10, waya mwekundu kwenye tundu lake la ampia 10, na ikae ndani ya sakiti kama sehemu ya njia. Ukiigusisha moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri umepiga shoti kupitia mita. Tuseme inasoma 0.31 kabla ya balbu. Unahamisha, inasoma 0.30. Nyuma utasikia: "Si mnaona!"

Ampia 0.01 ni tarakimu ya mwisho kabisa kwenye masafa hayo ya mita, na betri inachoka kidogo kila dakika taa inapowaka, na mguso wa waya uliosokotwa kwa vidole haulingani mara mbili. Lakini kueleza hivyo kwa maneno ni kuomba kuaminiwa. Irudishe mita ilipokuwa mwanzo, upime tena. Kama mkondo unaliwa na balbu, namba itapanda kurudi 0.31 kila ukirudi kabla ya balbu na kushuka kila ukienda baada. Kama ni betri na miguso, itayumba bila kufuata upande. Pima mara sita, kwa zamu, mwanafunzi aandike ubaoni. Au azima mita ya pili, uweke moja kila upande kwa wakati mmoja, kisha uzibadilishane. Ni mbinu ileile ya balbu A na B, na ukiwa na bahati kuna mwanafunzi atakayeipendekeza kabla yako.

Baada ya hapo, na si kabla, leta maelezo. Mimi napenda mnyororo wa baiskeli kuliko maji kwenye bomba, kwa sababu huku baiskeli ni nyingi na bomba mara nyingi ni kavu. Pingili za mnyororo zinazopita juu kwa sekunde ni sawa na zinazorudi chini. Hakuna pingili inayoliwa na gurudumu la nyuma. Na bado mguu wako unachoka na gurudumu linazunguka, yaani nishati imetoka kwenye pedali na kufika nyuma. Pingili ni chaji, kasi ya kupita kwake ni mkondo, chakula ulichokula asubuhi ni kile kinachoisha ndani ya betri. Mfano huu unafia kwenye sakiti sambamba, kwa sababu mnyororo haugawanyiki njia mbili, kwa hiyo usiuvute mpaka wiki ijayo.

Utaniambia: dakika 80, wanafunzi sitini, haya yote yataingia wapi? Yanaingia ukitoa vitu. Andalio la sasa linatumia karibu nusu ya muda kwa fasili, alama za michoro na mazoezi ya kuzinakili. Hayo yahamishie mwishoni, mwanafunzi achore kwa alama sakiti aliyoishika mkononi. Picha nne zinachukua dakika 20 pamoja na ubishi. Balbu A na B, 25. Mita, 20, ukiwa wewe unaonyesha na wao wanabashiri. Zinabaki 15 za michoro na za kuchelewa kuanza, ambazo zipo hata usipoziandika.

Kuhusu lugha, sekondari tunafundisha kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, hilo silibishi hapa. Lakini sababu ya ubashiri iandikwe kwa lugha anayofikiria nayo mwanafunzi. Ukimlazimisha Kiingereza atakuandikia sentensi ya kitabu aliyoikariri, ambayo ni sahihi, na hutajua kamwe kuhusu makombo. Tafsiri baadaye, mkiwa mnaandika hitimisho.

Safu ya mwisho ya andalio, ile ya tathmini, imeandikwa "wanafunzi wameelewa?" Ifute. Weka majina ya mawazo na hesabu: waya mmoja wangapi, kitako kwa kitako wangapi, makombo wangapi, sawasawa wangapi, mwanzoni na mwishoni. Kunyoosha mikono kunatosha, madaftari yapo ya kuthibitisha. Ukitoka na watu wa makombo kumi na wawili bado wanashikilia, andika kumi na wawili. Kipindi kijacho anza nao: balbu mbili sambamba kwenye betri zilezile, wabashiri kama ya kwanza itafifia ya pili ikiunganishwa. Watasema itafifia, kwa sababu zinagawana. Chagua balbu zinazofanana na betri mpya, maana betri iliyochoka itaifanya ififie kweli, na utarudi kwenye ubishi ambao safari hii wao ndio wenye ushahidi.